Malaika Alikula Akaenda Zake: Nilivyohubiri Ukarimu Mbele ya Wageni Wenyewe

Mara ya kwanza nilipohubiri juu ya kuwakaribisha wageni, nilishuka madhabahuni nikiamini kwamba siku ile nimelisema neno lililohitajika. Watu walikuwa wamelia. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono, akaukaza, hakusema kitu. Nilikuwa nimesoma Waebrania 13:2: "Msisahau kuwafadhili wageni, maana kwa njia hii wengine wamewakaribisha malaika pasipo kujua." Nikaenda Mwanzo 18, nikamwonyesha Ibrahimu anavyokimbia kuwapokea watu watatu penye mialoni ya Mamre, wakati wa hari ya mchana. Nikamalizia kwa Mathayo 25, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha."

Ukumbi ulipokuwa karibu mtupu alinijia mama mmoja wa kwaya. Alikuwa amefika kwetu miaka mitatu nyuma na watoto wake, akikimbia vita. Alikuwa mshirika kamili, anatoa sadaka, anaimba sauti ya pili. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mchungaji, leo umenihubiri kama sipo." Nikaanza kujieleza. Akaningoja nimalize, kisha akasema, "Malaika wa Ibrahimu alikula akaenda zake. Sisi tupo."

Sikulala vizuri usiku ule. Ninaandika haya kwa ajili ya mchungaji, mwinjilisti au mzee wa kanisa ambaye ana wahamiaji na wakimbizi ndani ya ushirika wake na amepangiwa kuhubiri somo hili. Kuna makosa niliyoyafanya ambayo hayakuniumiza mimi. Yaliwaumiza watu waliokuwa wamekwisha kuumia.

Jumatatu nilifungua daftari langu la mahubiri, nikachukua kalamu nyekundu. Nilipiga mstari chini ya kila "sisi" na kila "wao." Lugha yetu ina "sisi" moja tu, anayesikiliza ndiye anayelazimika kuamua kama yumo au hayumo. Niliposema "sisi tuliobarikiwa kuwa na makao," mama yule alijua hayumo. Niliposema "sisi tuwafungulie mlango," alijua yeye ndiye anayebisha hodi, japo alikuwa amekaa safu ya pili akiwa amevaa joho la kwaya. Karibu kila "sisi" katika kurasa zile ilikuwa ya wenyeji peke yao. Kibaya zaidi kilikuwa neno dogo nililolirudia kwa mapenzi mema: "ndugu zetu hawa." Hilo "hawa" ni kidole. Huwezi kulisema bila kuelekeza mkono, hata kama mikono yako iko juu ya mimbari.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, na nililigundua kwa kuchelewa. Katikati ya mahubiri nilisimulia habari ya mtu aliyevuka mto usiku akiwa amembeba mama yake mgongoni. Sikumtaja jina. Nilikuwa hata nimemwomba ruhusa, Jumamosi, mlangoni mwa ofisi yangu, alipokuja kuomba barua ya utambulisho. Alisema, "Sawa, Mchungaji." Angesema nini kingine? Alikuwa amesimama mbele ya mtu anayemwandikia barua. Ruhusa inayoombwa na mwenye kalamu, kwa mtu anayehitaji sahihi, haina uhuru ndani yake. Na kutomtaja jina hakukumficha, maana kila mshirika alijua ni nani kati yetu aliyefika na mama mzee. Tangu Jumapili ile hakuonekana kwa miezi miwili na nusu.

Nilimfuata kwake. Nilikwenda peke yangu, nikamwomba radhi bila kumweleza nia yangu ilikuwa ipi, kwa sababu nia yangu haikuwa na faida kwake wakati ule. Alinisikiliza, akanishukuru kwa kufika. Hakuahidi kurudi, na mimi sikumwuliza.

Tangu hapo nina kanuni ambayo siivunji: habari ya mtu aliye hai, aliyemo ushirikani, haipandi mimbarini kwa kinywa changu. Akitaka kuisema mwenyewe, ataisema kwa wakati wake, mahali pake, na sitamwomba mimi. Vivyo hivyo simwambii mgeni asimame ili apigiwe makofi, wala siruhusu picha za ibada zisambazwe zikiwa na nyuso za watu ambao sijui wanamkimbia nani. Siulizi mtu ana karatasi gani, na siahidi kutoka madhabahuni msaada wa kisheria ambao kanisa halina wa kuutoa. Mtu anayesubiri uamuzi juu ya makazi yake husikia kila neno la mchungaji kama ahadi.

Baada ya hapo nilimwendea yule mama wa kwaya nikamwambia ninataka kulihubiri somo lile upya. Niliomba anisaidie kuelewa. Akasema hatanisaidia peke yake, kwa sababu nitakuja kusema "wageni wameniambia" ilhali ameniambia yeye mmoja. Akanipa majina ya watu sita, wa lugha mbili tofauti. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwetu hakuna kitu kinachoitwa "wageni." Palikuwa na watu wa pande mbili ambao huko walikotoka hawakuwa wakiketi pamoja, na mimi nilikuwa nimewapanga benchi moja nikidhani ninawafariji.

Niliwatembelea wote sita kwa wiki tatu. Sikuuliza kwa nini waliondoka kwao. Niliuliza swali moja tu: Jumapili yako ya kwanza hapa ilikuwaje, na ya hivi karibuni ikoje? Majibu ya nusu ya kwanza yalikuwa matamu. Wote walikumbuka nani aliwashika mkono, nani aliwaonyesha pa kuketi, nani alimchukua mtoto aliyekuwa analia. Ukarimu wetu wa siku ya kwanza ulikuwa wa kweli, na ninafurahi kusema hivyo.

Nusu ya pili ndiyo iliyonishughulisha. Mmoja alisema bado anatambulishwa kama mgeni kila anapokuja mhubiri kutoka nje. Mwingine, fundi mzuri wa umeme, alisema ameona taa za ukumbi zikiharibika mara tatu na hakuna aliyemwuliza. Bibi mmoja alisema kwamba siku ya kugawa misaada ya kanisa huwa anapata, lakini hajui ni nani anayeamua, na mara mbili jina lake lilirukwa. Akaongeza haraka kwamba halalamiki. Nililiandika hilo: "halalamiki."

Niliwatembelea pia wenyeji, jambo ambalo nusura nisilifanye. Mhubiri akishaguswa na kilio cha upande mmoja, rahisi sana kuufanya upande wa pili kuwa Farisayo wa hadithi. Mzee mmoja, aliyeshika nafasi yake tangu kanisa lilipokuwa na bati za kuvuja, aliniambia: "Nimejenga hapa kwa mikono yangu. Ibada sasa ni ndefu kwa sababu ya kukalimaniwa, nyimbo nusu sizijui, na nikisema nimechoka ninaonekana sina upendo." Hakuwa na chuki. Alikuwa na msiba usio na jina, wa mtu anayeiona nyumba yake ikibadilika angali ndani. Nikaona kwamba mahubiri yangu ya kwanza yalimwacha nje na yeye pia: yule mama aligeuzwa kitu cha kuhurumiwa, na huyu mzee akageuzwa mtu wa kukaripiwa.

Sasa andiko gani? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote, na ningependa mwenzangu akae pia.

Mwanzo 18 ni andiko zuri, lakini ni la mpita njia. Ibrahimu anaahidi kipande cha mkate, kisha anaandaa vipimo vitatu vya unga, ndama, siagi na maziwa, na anasimama karibu nao chini ya mti wakati wanakula. Kisha wanaondoka. Hakuna swali la nani ataketi wapi mwaka wa tatu. Waebrania 13:2 inaikumbusha hadithi hiyo hiyo. Maandiko hayo yanafaa kabisa kwa kanisa ambalo bado halijafungua mlango. Kwa kanisa ambalo mgeni amekwisha kuwa mshirika, yanamrudisha kizingitini.

Mambo ya Walawi 19:34 ilinisogeza mbele, kwa kuwa inamtaja "mgeni akaaye pamoja nanyi" na kuamuru awe kama mzalia. Kiebrania kina neno lake, *ger*, kwa mgeni aliyehamia na kukaa, tofauti na *nokri*, mtu wa nje asiye na mizizi hapo. Ruthu alinivuta sana: anaitwa "Ruthu Mmoabi" tena na tena, hata baada ya kufanya kazi shambani mbele ya macho ya wote, na mbele ya Boazi anajiita mwenyewe *nokri*. Lakini niliogopa kwamba katika mdomo wangu Boazi angekuwa tena mwenyeji mwema, na wanawake wote waliokuja kwetu wangekuwa Ruthu anayeokota masazo.

Nikaangukia Matendo ya Mitume 6:1-7. Andiko hili huhubiriwa siku za kuwaweka mashemasi wakfu, kwa hiyo watu hulisikia kama habari ya vyeo. Lisome tena ukiwa na yule bibi akilini. "Palikuwa na manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani juu ya Waebrania kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku." Wote ni Wayahudi, wote wamemwamini Kristo, wote ni washirika. Kinachowatenga ni lugha, na mahali walikokulia. Wafafanuzi wengi wanadhani wajane hawa walikuwa wametoka ughaibuni na kuhamia Yerusalemu, na waume zao wakafa hapo, mbali na jamaa zao. Hawakufukuzwa na mtu. "Walisahauliwa." Neno la Kiyunani hapo lina maana ya kupitiwa na jicho: mtu anatazama, na jicho linakuvuka. Na umbo la kitenzi linaonyesha jambo lililokuwa likiendelea, siku baada ya siku.

Kilichonigusa zaidi ni kile ambacho mitume hawakufanya. Hawakusema manung'uniko ni dhambi. Hawakudai ushahidi wa majina na tarehe. Hawakuahidi kuwa wangalifu zaidi wao wenyewe wakati wa kugawa. Waliwaita wote, wakasema, "chagueni watu saba miongoni mwenu," na watu wakawachagua Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani. Inanipasa niseme kwa uaminifu kwamba jina peke yake si uthibitisho, kwa sababu hata Filipo na Andrea wa wale Thenashara walikuwa na majina ya Kiyunani. Lakini wa saba ametajwa waziwazi kuwa si Myahudi wa kuzaliwa, na orodha nzima inaelekea upande mmoja. Meza ilikabidhiwa upande ule ambao wajane wake walikuwa wakikosa. Nasisitiza kwamba ilikabidhiwa meza yote, si sehemu ya wajane wao tu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu nilijua ni lazima nifungue daftari la kamati yetu ya misaada. Kamati ilikuwa na watu saba. Nilitamani namba hiyo isingekuwa saba. Wote walikuwa wenyeji, wakati sehemu kubwa ya waliokuwa wakipokea walikuwa waliohamia. Jina la yule bibi lilikuwa limerukwa kwa sababu liliandikwa kwa namna mbili tofauti katika orodha mbili, na aliyekuwa akisoma hakujua ni mtu mmoja. Hapakuwa na ubaya wa mtu yeyote. Jicho lilipita.

Ninamsihi yeyote atakayehubiri Matendo 6: angalia daftari lako kabla hujapanda. Ukilihubiri bila kujua hali ya meza yako, watu wanaojua watakusikiliza wakiwa wamekunja mikono.

Sikutaka mahubiri yawe shambulio la kuvizia. Wiki mbili kabla nilikutana na baraza la wazee, nikawasomea andiko, kisha nikaweka zile orodha mbili mezani. Kikao kilikuwa kigumu na kirefu. Mwenyekiti wa kamati, mtu aliyeifanya kazi ile miaka mingi bila malipo, alihisi anaitwa mwizi. Nilikosea kutomwona yeye kwanza, faraghani. Ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningemwendea nyumbani kabla ya kikao. Alijiuzulu wiki ile ile, na ingawa tunasalimiana vizuri, urafiki wetu haujarudi pale ulipokuwa. Baraza lilikubali kuongeza watu wanne, watakaochaguliwa na waliohamia wenyewe, wa lugha zote mbili.

Maandalizi yalibaki na jambo moja, mkalimani. Zamani nilimpa mkalimani kipaza sauti na kumwachia Mungu. Safari hii nilimpa mahubiri yaliyoandikwa siku nne kabla, tukakaa pamoja saa mbili. Mahubiri ya kukalimaniwa sentensi kwa sentensi huchukua muda mara mbili, kwa hiyo nilichotaka kukisema kwa dakika thelathini kilipaswa kuandikwa kwa kumi na tano. Nilifuta methali zote, maana haziendi kirahisi. Nilivunja kila sentensi ndefu, kwa sababu mkalimani akisubiri kitenzi kinachokuja mwishoni, atabahatisha.

Tukiwa katikati aliniuliza, "Mchungaji, hili 'mgeni,' nitumie neno lipi?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba lugha yake ina maneno mawili. Moja ni la mtu unayemwandalia nyumbani. La pili ni la mtu asiye wa kwetu, na lina ubaridi. Kwetu yote mawili ni mgeni. Nikamwuliza mara ile ya kwanza alitumia lipi. Akatazama chini, akasema, "La pili. Ulikuwa unazungumza juu ya waliohama." Dakika arobaini nzima, kila niliposema mgeni kwa upendo, walisikia mtu wa nje.

Tulikubaliana nisilitumie neno hilo kabisa ila pale Biblia inapolisema. Na nilimweleza jambo lililokuwa limenifariji wakati wa kujiandaa: katika Kiyunani, *xenos* ni mgeni, lakini katika Warumi 16:23 Paulo anamwita Gayo *xenos* wake, na Biblia yetu imetafsiri "mwenyeji wangu." Neno moja, pande mbili za mlango. Aliandika hilo kwenye karatasi yake na kuzungushia duara.

Jumapili yenyewe nilianza na wajane, si na mitume. Nilisema takriban hivi:

"Kuna wajane katika kanisa la Yerusalemu. Wamesali pamoja na wenzao asubuhi. Sasa ni wakati wa kugawa. Mwenye kugawa anapita. Anafika karibu nao. Anapita. Hakukusudia. Kesho anapita tena. Mmoja wa wajane anamwambia mwenzake: usiseme kitu, tutaonekana hatuna shukrani. Ndugu zangu, katika kanisa la mitume, pamoja na Petro na Yohana, jambo hili lilitokea. Basi tusishangae likitokea kwetu. Tujiulize tutafanya nini litakapotajwa."

Niliposema "tutaonekana hatuna shukrani" sikutazama safu yoyote. Niliyatazama maandishi yangu. Nilikuwa nimejizoeza kufanya hivyo, kwa sababu macho ya mhubiri yanaweza kusema "hawa" hata mdomo ukinyamaza.

Kisha niliwageukia Waebrania wa andiko, na hapa nilikuwa na yule mzee moyoni. Nilisema kwamba walikuwa wa kwanza, walivumilia mwanzo mgumu, na kwamba kundi linapokua aliyetangulia hupoteza kitu cha kweli: hawajui tena wote kwa majina, wanasikia sala kwa lugha wasiyoielewa, wanaombwa kutoa nafasi waliyoipata kwa jasho. Nikasema Biblia haiwakaripii hata kwa neno moja. Inawaonyesha wakishiriki kuwachagua watu wa upande wa pili, na "neno hili likapendeza machoni pa mkutano wote." Nikasema kupoteza kule ni sadaka, na sadaka huuma, na kanisa lina wajibu wa kuwashukuru wanaoitoa. Nilimwona yule mzee akivua miwani.

Sehemu ya mwisho ilikuwa fupi. Nilionyesha kwamba Luka anatumia neno lilelile, huduma, kwa ajili ya meza na kwa ajili ya neno, kwa hiyo hakuna ya juu na ya chini. Nikaonyesha yaliyofuata: Stefano aliyewekwa mezani ndiye aliyesimama mbele ya baraza katika sura ya 7, na Filipo ndiye aliyeipeleka Injili Samaria na kumbatiza yule Mkushi wa garini katika sura ya 8. Walichaguliwa ili wajane wasikose riziki, na kupitia kwao Injili ikavuka mipaka ya Yerusalemu. Halafu nikatangaza uamuzi wa baraza, tarehe ya kuchagua, na namna ya kuchagua. Sikuomba watu washikane mikono. Nilifunga Biblia.

Hakuna aliyelia. Mwanzoni hilo lilinisumbua, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kupima mahubiri kwa machozi. Lakini ule ukumbi haukutoka mbio kama kawaida. Watu walibaki wakizungumza kuhusu kamati, na wengine walibishana.

Nisifiche gharama. Familia mbili za wenyeji zilihamia kanisa jingine ndani ya miezi mitatu, na moja iliniambia wazi ni kwa sababu ya uamuzi ule. Sadaka ilipungua kwa muda. Na uchaguzi wenyewe ulinifunza jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Sisi baraza tulikuwa tumejiaminisha kwamba watamchagua yule kijana mkalimani, mwenye lugha nzuri na asiyetupa shida. Hawakumchagua. Watu wa lugha yake walimteua mwanamke mnyamavu ambaye nilikuwa sijawahi kuzungumza naye kwa zaidi ya dakika moja, kwa sababu huko walikotoka ndiye aliyetunza stoo ya kanisa na hakuna kilichopotea. Watu wa lugha ya pili, ambao ni wachache, waliomba kura yao ipigwe peke yao ili wasimezwe. Baadhi ya wazee waliona hilo ni mgawanyiko. Nilikubali ombi lao, kwa kuwa nilikwisha kujua ni nini walichokimbia, na sikuona haki ya kuwataka wamwamini jirani kwa haraka kuliko moyo wao ulivyoweza.

Yule mwanamke mnyamavu, katika kikao chake cha kwanza, aliomba orodha zote mbili. Akasema kila jina liandikwe jinsi mwenyewe anavyoliandika, na mwenyewe asimame pale lilipoandikwa aone. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi moja. Walipatikana watu wanne zaidi waliokuwa wakirukwa, na mmoja wao alikuwa mwenyeji, mzee kiziwi ambaye hakuwa akisikia jina lake likiitwa.

Mtu niliyesimulia habari zake alirudi wakati wa masika. Aliketi nyuma, karibu na mlango, na mama yake. Sikumkimbilia. Wiki kadhaa zilipita, akaja ofisini, safari hii bila kuhitaji barua. Alisema, "Ile habari sitaisimulia, Mchungaji, na wewe usiisimulie tena." Nikasema sitaisimulia. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza ni nani anayepanga zamu za kusoma masomo. Nikamwelekeza kwa mama wa kwaya, ambaye sasa ndiye mwenye orodha hiyo.

Jumapili iliyofuata jina lake lilikuwa ukutani, limeandikwa kwa mkono wake.